Sanduku la Watoto wa Bi Khamisa

Saa moja asubuhi, kabla jua halijaufikia uchochoro wa nyuma ya maghala ya Malindi, Sichana Mkadam amekwisha shona magunia kumi na moja. Amekaa juu ya gunia lililokunjwa, mguu mmoja ameunyoosha, sindano yake ndefu, shazia, mkononi. Anatoboa, anavuta uzi, anakaza, anatoboa tena. Vumbi la karafuu limemkaa kwenye kope.

"Ukivuta kwa pupa uzi unakatika," anasema bila ya kuinua macho. "Ukilegeza, gunia linafumuka chomboni. Hapo hawakwiti tena."

Ana miaka thelathini na tisa. Mumewe alifariki akamwachia watoto wawili na chumba kimoja cha kupanga Ng'ambo. Kwa kila gunia analolifunga mdomo hulipwa senti tano. Msimu wa karafuu akijitahidi hufunga magunia sitini, yaani shilingi tatu kwa siku. Msimu ukimalizika, zipo wiki ambazo hapati hata siku mbili za kazi.

Wanawake wenzake ghalani wanamjua kwa jambo jingine pia. Wanamwita "Bi Sanduku", na yeye huitikia "Naam" bila ya kukasirika. Ni kwa sababu ya maneno aliyoyasema Matemwe, nyumbani kwa mama yake, sikukuu ya Idi ya mwaka jana, 1956.

Wamezaliwa wanne. Hija, mkubwa wao, ni mvuvi na anaishi Matemwe karibu na mama. Wa pili ni Sichana mwenyewe. Wa tatu ni Muhiddin, dereva wa gari la abiria linalokwenda mashamba, na ndiye pekee mwenye mshahara wa mwezi. Kitinda mimba ni Mwanaasha, aliyeolewa Bwejuu, anayesokota kamba za usumba wa makumbi ya nazi.

Huyo Mwanaasha ndiye aliyekaribia kufa mwezi wa Mfungo Tatu wa mwaka 1955. Uchungu ulimshika siku mbili, mtoto hatoki. Mkunga akasema apelekwe mjini. Gari lilikuwepo, lakini mwenye gari alitaka fedha mkononi, na mume wa Mwanaasha hakuwa nazo. Zilipita saa sita za kugonga milango. Hatimaye Hija, aliyepelekewa habari, alitokea na shilingi mia na hamsini, za gari na za matibabu yote. Hakuna aliyemuuliza kazipata wapi. Mwanaasha alipona. Mtoto hakupona.

"Mimi nilikuwa hapa hapa, nashona," anasema Sichana. "Habari ilinifika mambo yameshapita. Nikajiuliza, sisi watu wanne wazima, wenye mikono, tunashindwaje kuwa na nauli ya ndugu yetu mgonjwa? Si kwamba hatuna. Hatunazo pamoja."

Kwa miezi kumi alilifikiria jambo hilo huku akishona. Siku ya Idi, baada ya pilau kuliwa na sinia kuondolewa, watu wakiwa bado wamekaa mkekani, alisimama.

Haikuwa kawaida. Kwao, anayesema mbele ya watu ni Hija.

"Shikamoo mama, shikamoo kaka Hija," alianza, na mama yake, Bi Khamisa, akaitikia, "Marahaba mwanangu." Hija aliitikia kwa kichwa tu.

"Naomba ruhusa niseme, na nikikosea mnirekebishe. Mwaka jana tulimzika mtoto wa Mwanaasha. Mungu ndiye aliyepanga, sina neno. Lakini zile saa sita za kutafuta gari tulizipoteza sisi. Nataka tuweke sanduku. Kila mwezi kila mmoja atie kitu, kwa kadiri ya uwezo wake. Muhiddin ana mshahara, atie shilingi sita. Mimi nne. Kaka Hija tatu. Mwanaasha moja na nusu. Lakini anayetia moja na nusu akiumwa, ahudumiwe sawasawa na anayetia sita. Hilo tusipokubaliana, bora tusianze."

Muhiddin alicheka. "Dada, mimi nitie sita kila mwezi, na nikitaka kuoa mtanipa?"

"Hatukupi. Harusi unaijua mwaka mzima kabla. Sanduku ni la lile lisilobisha hodi: ugonjwa, msiba, nyumba kuungua, mtu kuumia akashindwa kufanya kazi. Harusi, nguo za sikukuu, biashara, hayo kila mtu na mfuko wake."

Aliendelea kueleza, na hapo ndipo walipoona kwamba hakuja na wazo tu. Sanduku litakaa kwa mama, kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa Hija, mmoja kwa Muhiddin. Kulifungua kutahitaji ndugu wawili wakubali, na mwenye shida asiwe mmoja wao. Fedha za hospitali, za maziko na za kulisha nyumba ya aliyeumia zitatolewa moja kwa moja, hazirudishwi. Za kuezekea paa au kununulia chombo cha kazi kilichoharibika ni mkopo, urudi ndani ya miezi sita bila ya ziada hata senti. Zisishuke chini ya shilingi hamsini, ila roho ya mtu ikiwa hatarini. Na kila baada ya miezi minne zihesabiwe mbele ya wote.

"Na mtu akifa?" aliuliza Mwanaasha kwa sauti ndogo. "Fungu lake si litaingia mirathi?"

Sichana alikwisha kumuuliza mwalimu wa chuo cha Qurani cha mtaani kwao. "Kaniambia tukitia, tutamke kwamba tumetoa hiba kwa ajili ya sote. Tusiseme tumeweka amana, maana amana ni mali ya mtu, na akifa inafuata warithi wake. Kwa hiyo ukitia, umeshatoa. Hata ukigombana na mimi kesho, hudai."

Jambo la mwisho ndilo lililowasha moto. Sichana alisema sanduku likiwa Matemwe, halitamsaidia aliye Bwejuu. Basi shilingi ishirini zifungwe kitambaani na kushonwa, zikae kwa Mwanaasha, na ishirini nyingine nyumbani kwa Hija. Hizo ni za gari na dawa za mwanzo. Haziombewi ruhusa ya mtu. Anayefumua atoe habari ndani ya siku tatu.

"Na anaweza kufumua yeyote aliyemo nyumbani," aliongeza. "Hata mke, hata mume."

Hija alisimama. "Mke wangu afungue fedha za ndugu zangu bila ya mimi kujua? Sichana, umekaa sana mjini. Mimi ndiye mkubwa. Baba alipofariki aliniachia nyinyi. Shida ikija mnakuja kwangu, kama mlivyokuja mwaka jana. Sasa mnaniwekea kufuli?"

Sichana angeweza kukaa chini, na jambo lingekwisha hapo.

"Kaka," alisema, "mwaka jana ulituokoa. Naogopa siku utakapokuwa wewe ndiye unayehitaji kuokolewa, na wewe hutosema."

Hija akageuka kwa mama yake, akakaa mkekani, uso ameuinamisha.

"Mama, nisamehe. Zile shilingi mia na hamsini nimeziwekea rahani minazi yako sita ya kule bondeni. Sijalipa hata moja. Mwenye rahani ndiye anayekula nazi."

Bi Khamisa hakushtuka. "Nshajua, Hija. Tangu Mfungo Tatu sijaletewa nazi ya minazi ile. Nilikuwa nangoja uniambie."

Muhiddin ndiye aliyesema lililokuwa kwenye vichwa vya wote: fedha za kwanza za sanduku zikomboe minazi. Mama yao alitikisa kichwa kukubali. Lakini Sichana alikataa, na hadi leo anasema lile ndilo neno gumu kuliko yote aliyowahi kuyasema mbele ya mama yake.

"Tukianza kulipa deni la jana, kesho ikija na shida itatukuta mikono mitupu, na tutaweka rahani minazi mingine. Minazi tutaikomboa, sote wanne, si kaka Hija peke yake. Lakini kwa mfuko mwingine, mmoja mmoja, shilingi ishirini na tano kila mnazi. Sanduku lisiguswe."

Hija alinyanyua uso. "Sote wanne?"

"Deni lilikuwa la kumpeleka Mwanaasha hospitali, kaka. Lilikuwa letu tangu siku ile. Wewe ulilibeba tu."

Kabla ya alasiri walitia mchango wa kwanza, shilingi kumi na nne na nusu, kila mmoja akitamka hiba yake. Hija alitia wa mwisho. Kuhusu mke kufumua kitambaa hakusema neno, na Sichana akalichukua kuwa amekubali.

Walitia bila ya kukosa mwezi. Mwezi wa Agosti Sichana hakuwa na kazi ghalani, akauza khanga mbili ili atimize nne zake. Ilipofika Disemba, yaani michango minane, walikuwa na shilingi mia na kumi na sita, zikiwemo zile zilizoshonwa kitambaani.

Mwezi huo huo Hija alichomwa na mwiba wa samaki taa kwenye kiganja. Alikiosha kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa, akaendelea kuvua. Siku ya nne mkono ulikuwa umevimba hadi begani na maneno yake yamekuwa ya homa. Bado alikuwa akisema kesho utapoa.

Mkewe, Mwanakheir, hakungoja kesho. Alichukua kisu, akafumua kile kitambaa cha fedha, akamlipa mwenye gari shilingi kumi na tano, akampakia mumewe.

"Alinikaripia njia nzima," Mwanakheir anasimulia huku akicheka. "Kufika Mahonda kanyamaza. Mjini daktari kasema angechelewa siku mbili, mkono ungekatwa."

Hija alikaa wiki sita bila ya kwenda baharini. Muhiddin na Mwanaasha waliridhia, Sichana akaunga mkono, na kila wiki nyumba yake ikapelekewa shilingi nane. Pamoja na gari, jumla ilikuwa shilingi sitini na tatu. Katika zile mia na kumi na sita zikabaki hamsini na tatu, tatu tu juu ya kima walichokubaliana. Hakukopwa mtu, wala haukuwekwa rahani mnazi hata mmoja.

Siku ya kuhesabu, Hija ndiye aliyeomba kusema. "Mimi niliona ni kufuli la kunifungia," aliwaambia. "Naomba mchango wangu upande, kutoka tatu hadi nne." Kisha akamtaka mkewe naye akae mkekani wakati wa kuhesabu, na tangu siku hiyo Mwanakheir hukaa.

Minazi minne kati ya sita imesharudi. Miwili iliyobaki wanatarajia kuikomboa kabla ya mwaka kumalizika.

Ghalani, msimamizi amekwisha pita na kuweka alama magunia ya asubuhi. Wanawake wawili wanaoshona pembeni ya Sichana wamemwomba awaeleze namna ya kuanza na ndugu zao, na Ijumaa hii atakwenda nyumbani kwa mmoja wao, Mikunguni, kuzungumza na kaka watatu wa mwanamke huyo. Amekwisha ambiwa kwamba mmoja ni mkali.

"Nitakwenda hivyo hivyo," anasema, akivuta uzi mpya. Mipango yake ni kwamba Idi ya mwakani watoto wao wakubwa nao waanze kutia, hata senti hamsini, ili wazoee wangali wadogo. Na sanduku lifike shilingi mia tatu.

Akiulizwa mia tatu hizo anataka zifanye nini, Sichana anaiweka shazia juu ya goti.

"Zisifanye kitu," anasema. "Naomba Mungu zikae tu, mwaka baada ya mwaka, hadi shilingi ziote kutu. Lakini siku zikihitajika, asiwepo ndugu yangu anayeona haya kusema naumwa."