Zamu Mbili za Breki

Shemeji yangu tunamwita Breki. Jina alipewa na waendesha pikipiki wenzake, kwa sababu huanza kupunguza mwendo mbali kabisa kabla ya kona, wao wakimpita huku wanamcheka. Kati ya hao wanaomcheka, wawili wameshavunjika mikono. Yeye hajachubuka hata goti, na vifurushi vyake hufika vizima, ndiyo maana wateja wanaoagiza mayai na keki humtaka yeye tu.

Mimi ndiye ninayepokea oda kwenye simu, nawapangia waendeshaji safari zao na kuwagombeza wote kwa usawa. Ofisi yetu ni chumba kimoja chenye kaunta, na nyuma kuna ua wa kuegesha pikipiki, wenye bomba na benchi moja. Breki alimwoa dada yangu mkubwa. Dada alipofariki mwaka juzi, Breki alirudi kazini mara tu baada ya msiba, akaanza kufanya zamu zote mbili, ya asubuhi na ya jioni. Watu walikuwa hawatoshi, basi kila mtu alimshukuru tu. Nilimwona anakonda. Nikimwambia apumzike, ananiuliza kama siku hizi nimekuwa daktari.

Kisha tukapata mteja mkubwa, duka la dawa lililotaka dawa zipelekwe majumbani tangu asubuhi mpaka usiku. Bosi akaamua tutengeneze video ya kutafuta waendeshaji wanne, tuisambaze kwenye simu za watu. Bosi wetu ni kijana aliyeanza kwa kuendesha pikipiki yeye mwenyewe. Hana roho mbaya, ila ana haraka. Akaandika maneno ya kusema kwenye video, akanipa nisome. Mstari wa kwanza ulisema, “Jipatie hadi kiasi hiki kwa mwezi,” na kiasi chenyewe kilinitoa macho.

“Bosi, hapa nani amewahi kupata hizi?”

“Breki. Mwezi uliopita tu. Sijadanganya.”

“Breki anafanya zamu mbili. Na wewe hapa chini umeandika zamu moja kwa siku. Mtu atakuja na hesabu ya watu wawili, mwisho wa mwezi apewe ya mmoja. Atatutukana halafu ataondoka. Wale wa mara ya mwisho si waliondoka hivyohivyo?”

Akakuna kichwa, akavuta kiti, tukaandika upya. Tukataja mshahara wa mwezi usiobadilika, na juu yake malipo kwa kila mzigo uliofika. Halafu tukaweka kiasi anachopata mtu wa zamu moja katika mwezi wa kawaida, siyo ule mwezi wa bahati. Pikipiki, mafuta, matengenezo, kofia ngumu, koti la mvua na bima ya ajali ni juu ya kampuni. Zamu ya asubuhi ni saa moja hadi saa tisa alasiri, ya jioni ni saa tisa hadi saa tano usiku, na kila mtu ana siku moja ya kupumzika kwa wiki. Anayetaka kazi atume ujumbe kwenye namba ya ofisi kabla ya Ijumaa, aandike jina lake na mtaa anaoishi. Tukimwita, aje na leseni ya pikipiki, kitambulisho, na namba ya mtu mmoja anayemfahamu, kisha atajaribiwa barabarani. Nikaongeza kwamba hatutozi ada yoyote, maana matapeli wa ajira wamejaa na watu wameshaumizwa sana.

“Na zamu moja ni kwa wote,” bosi akasema. “Breki naye. Watu wakishatosha, sitaki mtu asinzie barabarani.”

Nilifurahi mpaka nikamwekea sukari ya ziada kwenye chai.

Wa kuongea kwenye video tukamchagua Breki mwenyewe, kwa kuwa uso wake unaaminika hata akinyamaza. Mchana kazi ilipotulia, bosi akasimamisha simu juu ya kreti mbili za soda kule uani. Breki akavaa koti safi, akaanza. Malipo aliyasema vizuri. Vifaa alivisema vizuri. Alipofika kwenye saa za kazi, akakohoa.

Tukarudia. Akasema jua linamwingia machoni. Tukageuza kreti. Mara ya tatu akataja zamu ya asubuhi, akairuka ya jioni, akaenda moja kwa moja kwenye leseni. Mara ya nne akasema kuna nzi. Bosi akasema labda mstari ni mrefu. Mstari haukuwa mrefu. Mtu huyu anakumbuka kwa kichwa nyumba zote zenye mbwa katika mji mzima.

Nikamwomba bosi atupishe kidogo, nikakaa na Breki kwenye benchi.

“Shemeji, una nini na hiyo zamu ya jioni?”

Akachezea ukanda wa kofia yake.

“Zamu ikiwa moja,” akasema, “saa tisa mimi niende wapi?”

“Si uende nyumbani.”

“Nyumbani kwa nani?”

Nikatazama bomba. Nilimkumbuka dada yangu, alivyokuwa akiisikia pikipiki tangu mwanzo wa mtaa, akaanza kupakua chakula kabla haijazimwa. Nikalia, sikujificha. Breki naye akajifuta macho kwa mkono wa koti lile safi.

“Mimi pia namkosa,” nikamwambia. “Lakini sitaki nipigiwe simu siku moja niambiwe umelala chini ya lori. Sitaweza kukuzika na wewe. Uje kwangu ule.”

“Kila siku?”

“Ukinichosha nitakufukuza.”

“Unapika chumvi nyingi.”

“Utaila hivyohivyo.”

Akacheka kidogo, akaenda kunawa uso bombani. Bosi akarudi, akawasha simu. Breki akasema malipo, akasema vifaa, akataja zamu zote mbili na saa zake bila kukwama. Halafu akaongeza maneno ambayo hatukuyaandika.

“Kwa sasa zamu zote mbili nafanya mimi,” akaiambia simu. “Moja ni yako. Njoo uichukue.”

Kisha akaendelea na namba ya ofisi, leseni, kitambulisho, na kwamba hatutozi ada. Bosi akanitazama kuniuliza kama ayakate yale maneno ya nyongeza. Nikatikisa kichwa kukataa.

Ujumbe uliingia mwingi, tukawapata wanne wetu. Aliyepewa zamu ya jioni na pikipiki ya Breki ni baba mmoja mpole, wa makamo. Siku yake ya kwanza, Breki alimkabidhi ufunguo pale uani, akachelewa kuuachia. Akamwambia gia ya pili huwa nzito asubuhi tu, na kwamba kwenye geti la bluu asipige honi, kuna mtoto mchanga. Akamwambia apunguze mwendo mapema kwenye kona. Yule baba akaitikia, akaondoka na mzigo wa dawa.

Breki akabaki amesimama na kofia yake mkononi, anasikiliza pikipiki mpaka ikapotea. Kisha akaja dirishani kwangu.

“Unatoka saa ngapi?”

“Saa kumi na moja. Tangulia tu, mume wangu yupo nyumbani.”

“Hapana,” akasema. “Nitakusubiri.”

Akakaa kwenye benchi, akanisubiri.