Samaki wa Opondo Hakufika

Kisian ni mahali pa kupita. Malori ya Busia yanasimama, madereva wanakula samaki, wanaondoka. Lakini wenye kazi zao pale hawapiti, wanavuka. Na hakuna aliyevuka ile barabara kama Nasipwondi, mama wa makamo kutoka upande wa Bungoma, ambaye kazi yake ilikuwa kutoa chakula kwenye hoteli ya Mama Akello na kukipeleka ng'ambo kwa mafundi wa gereji. Wajaluo wa pale walimwita Nyar Bungoma, yaani binti wa Bungoma. Alizoea, akaitika.

Hoteli za barabarani zina sheria yao ambayo haikuandikwa popote: sahani ikitoka nje ya mlango, ni ya aliyeibeba. Ikivunjika, ikipotea, ikiliwa na mbwa, utailipa wewe. Mama Akello aliishika sheria hiyo kuliko alivyoshika amri za kanisani kwake, na kanisani alikaa kiti cha mbele.

Basi siku hiyo mchana, Opondo, fundi wa kuziba pancha, alipiga simu hotelini akaagiza samaki wa kukaanga na ugali na sukuma. Nasipwondi akapanga sahani tatu kwenye sinia, akafunika kwa kitambaa, akatoka. Lori lililosimama lilikuwa limeziba upande mmoja. Alipochungulia ili avuke, gari dogo jeupe lilitokea kwa kasi likipita lile lori, likamgonga mguu likamtupa mtaroni. Dereva akapunguza mwendo kidogo, akaona watu wanaanza kukimbia kuja, akakanyaga mafuta kuelekea Busia.

Watu walikuja wengi. Wengine walipiga picha za mguu. Wengine walipiga picha za samaki. Simu kumi na kitu zilikuwa hewani na hakuna hata moja iliyopiga picha ya namba ya gari. Baadaye kila mmoja alikuwa na namba yake aliyoiona kwa macho yake mawili, na hazikufanana hata mbili. Polisi aliyeandika habari hiyo aliuma kalamu, akaandika gari lisilojulikana.

Hospitalini walimfunga mguu. Mfupa wa chini ya goti ulikuwa umevunjika, na baada ya wiki kadhaa daktari akamwambia haukuungana vizuri. Lazima afanyiwe upasuaji wa pili, awekewe chuma. Bila hicho chuma, atatembea na mkongojo mpaka kaburini. Nasipwondi alimsikiliza, akauliza jambo moja tu: "Na nani atalipa hicho chuma, daktari?" Michango yake ya bima ya afya ilikuwa imekatika zamani.

Mama Akello alikuwa amekuja kumwona mapema kabisa, polisi hata hawajafika wodini. Alileta uji kwenye chupa, akakaa, akashika mkono wa mgonjwa.

"Nyathina," alimwambia, yaani mwanangu, "polisi wakiuliza, sema ulikuwa unaenda kununua sabuni yako. Usiniletee watu wa serikali kwa hoteli. Si mimi ni kama mama yako?"

"Ndiyo, Mama."

"Haya. Na zile sahani zangu, ni zile za maua. Ukipona utatafuta zingine kama zile. Sio haraka."

Sio haraka! Mtu amelala mguu juu umefungwa kamba, na huruma anayoletewa ni kwamba sahani si za haraka. Nasipwondi, kwa heshima aliyolelewa nayo, alishukuru. Polisi walipokuja akasema alikuwa anaenda kununua sabuni.

Mgeni wa pili aliitwa Ondiek. Viatu vyake vilichongoka mbele, na alijuana na kila mtu wodini kabla hajajuana na mtu yeyote. Kazi yake ni kutafuta watu waliogongwa, kama vile kunguru anavyotafuta kilichogongwa. Aliketi kitandani bila kuombwa.

"Auntie, pole sana. Gari ilitoroka, eh? Usijali. Gari tunayo."

"Imepatikana?" Nasipwondi aliinua kichwa.

"Imepatikana, haijapatikana, ni maneno tu. Iko gari moja ya abiria, bima yake ni safi kabisa. Mwenyewe anakubali iandikwe kwamba ndiyo ilikugonga. Mimi najua pa kutengeneza karatasi za polisi. Wewe unaweka kidole tu. Bima inalipa, tunagawana kiungwana."

"Na dereva wake?"

"Dereva gani?"

"Huyo atakayesemekana alinigonga."

"Ah! Huyo ni kijana tu wa kuajiriwa. Atapelekwa kortini kidogo, atapigwa faini. Hataumia."

Nasipwondi alimtazama yule bwana mwenye viatu. "Bwana Ondiek, mimi niligongwa na mtu sikumjua, na nimeumia. Sasa nimgonge mtu simjui?"

"Auntie, hizi ni akili za kijijini. Ukikaa na ukweli wako, ukweli utakununulia chuma?"

Swali hilo lilimnyima raha. Alimwambia arudi baada ya siku chache. Tusimfanye malaika, alikuwa anataka kutembea.

Aliyemzuia ni Opondo. Alikuja na soda na kinyongo cha kuchekesha.

"Nyar Bungoma, mimi nililala njaa siku ile. Nilingojea samaki mpaka nikaona watu wanampiga picha mtaroni."

"Pole, shemeji."

"Pole ni kwako. Lakini mbona nasikia ulikuwa unaenda kununua sabuni? Sabuni gani hiyo ya kukaanga?"

Nasipwondi akacheka, kisha akalia. Akamweleza yote, ya sabuni na ya Ondiek. Opondo akavua kofia. "Wi, omera!" akasema, kama wanavyosema wakishangaa. "Hapa kila mtu anataka udanganye, na wote wanasema ni kwa faida yako." Kanisani kwao kulikuwa na wakili kijana, Valarie Mukhwana, aliyesikiliza shida za watu bila malipo siku moja kila wiki katika chumba kidogo Mamboleo. Nasipwondi alipotolewa hospitali, Opondo akampakia kwenye tuktuk wakaenda.

Valarie alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupamba maneno.

"Mama, nianze na ubaya. Sheria inasema kila gari lazima liwe na bima kwa ajili ya mtu kama wewe. Lakini kampuni ya bima hulipa baada ya korti kumhukumu mtu iliyemwekea bima. Bila gari hatuna mtu, bila mtu hatuna hukumu, bila hukumu hatuna bima. Nchi zingine zina mfuko wa kuwalipa waliogongwa na gari lililotoroka. Hapa kwetu hakuna."

"Kwa hivyo sheria iliandikwa kwa ajili ya wale wanaogongwa na watu wenye adabu," akasema Opondo.

"Unaweza kusema hivyo. Gari likipatikana ndani ya miaka mitatu, tunaweza kushtaki. Tutatafuta jina la mwenyewe kwa wasajili wa magari. Na likiwa halina bima, tutamshtaki dereva na mwenye gari wao wenyewe, kisha tuombe Mungu wawe na kitu cha kukamatwa."

"Na ile ya Ondiek?" akauliza Nasipwondi.

"Ile ni jela, Mama. Yako na yake, ila yeye ana miguu ya kukimbilia."

Kisha Valarie akauliza, "Ulipogongwa, ulikuwa unaenda wapi?"

Nasipwondi alifungua mdomo aseme sabuni. Akamwona Opondo anamtazama. "Polisi niliwaambia sabuni, lakini nilikuwa nampelekea huyu samaki wake," akasema.

Valarie akaweka kalamu chini. "Nani alikutuma?"

"Mama Akello. Ni kazi yangu."

"Basi tumwache dereva akimbie. Mtu akiumia akiwa kazini, mwajiri wake ndiye anayewajibika: matibabu, mshahara wa muda asioweza kufanya kazi, na fidia kama kilema kitabaki. Haijalishi nani alikosea. Haijalishi gari liko wapi. Dai halianzi kortini, linaenda kwa ofisi ya usalama kazini, na lazima liwasilishwe kabla mwaka haujaisha. Lakini kwanza utarudi polisi uandikishe maelezo mapya, ya kweli."

"Mama Akello atanifukuza."

"Umevunjika mguu na hajakulipa hata siku moja. Bado hujafukuzwa?"

Alirudi polisi. Akaandikisha. Ondiek alipopiga simu, akamwambia achongoe viatu vyake vizuri apite navyo njia nyingine.

Siku ya kuitwa kwenye ile ofisi ya usalama kazini mjini, Mama Akello alikuja na kitenge kipya na Biblia. Afisa, Bwana Simiyu, alikuwa mtu wa sauti ndogo. Alimuuliza kama Nasipwondi ni mfanyakazi wake.

"Mfanyakazi? Hapana, bwana. Huyu ni mtoto wangu tu. Namsaidia. Anakula kwangu, analala nyuma ya hoteli."

"Na siku ya ajali?"

"Hakuwa kazini. Alienda mambo yake, sijui sabuni, sijui nini."

Opondo akasimama, akaeleza simu aliyopiga na samaki ambaye hakufika. Mama Akello akamgeukia, akasahau kwamba yuko ofisini.

"Wewe Opondo nyamaza! Njaa yako ndiyo ilinivunjia sahani! Sahani tatu za maua, nilizinunua Kampala, na huyu mpaka leo hajanirudishia hata moja! Si alizitoa mlangoni kwa mkono wake?"

Bwana Simiyu aliinua macho polepole.

"Mama," akasema, "kama alikuwa anaenda kununua sabuni, sahani zako tatu zilikuwa zinaenda kufanya nini barabarani?"

Mama Akello alifungua Biblia, akaifunga. Kwa miaka mingi alikuwa akifundisha kwamba sahani ikitoka ni ya aliyeibeba. Hakuwahi kufikiri kwamba na anayeibeba, akitumwa, ni wa aliyemtuma.

Mambo ya serikali hayaendi mbio. Taarifa ya ajali ikajazwa, ile ambayo Mama Akello alipaswa kuipeleka tangu wiki ya kwanza. Daktari akapima kilema. Hesabu ikatoka. Mama Akello hakuwa na bima ya wafanyakazi, ingawa sheria ilimtaka awe nayo, kwa hiyo ilitoka mfukoni mwake. Alinung'unika Kisian nzima kwamba amelishwa sumu na mtoto aliyemlea. Lakini chuma kikaingia mguuni.

Nasipwondi sasa anatembea. Anachechemea, lakini mkongojo aliurudisha. Anauza chapati karibu na gereji, upande ule ule, hana haja ya kuvuka. Opondo humtania kila mchana.

"Nyar Bungoma, samaki yangu je? Bado nangoja."

"Samaki wako yuko ng'ambo, shemeji. Vuka umfuate."

Na lile gari jeupe halikupatikana. Liko huko barabarani, labda na kibandiko cha bima kwenye kioo, kizuri, hakijaisha, kinachomlinda kila mtu isipokuwa yule liliyemgonga.