Mkono Uliobaki Begani

Faili la kwanza alilolishughulikia katika studio ile lina tarehe 3 Juni 2009, saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Ni picha ya pasipoti ya mwalimu mmoja mwenye kola iliyopinda. Pembeni yake kuna faili jingine lenye jina lilelile na neno "nakala" mwishoni, na hilo lilihifadhiwa dakika sita kabla kola haijanyooshwa. Tangu siku hiyo hakuna picha aliyoigusa bila kuitengenezea pacha kwanza. Wenzake walimbatiza Mama Nakala, na jina lile likakaa kuliko la kuzaliwa.

Kazi yake ni kufuta. Watu huleta picha wakitaka chunusi iondoke, nguzo ya umeme iondoke, mjomba aliyelewa kwenye harusi aondoke. Mama Nakala huchukua kifutio cha programu, hukwangua kitu kwenye picha yenyewe, kisha huchota rangi ya ukuta au ya majani ya jirani na kuziba pengo. Akimaliza na kuhifadhi, kilichofutwa hakipo tena. Ndiyo maana ya pacha.

Programu ina msaada mwingine, orodha inayoitwa historia. Kila mpako wa brashi huandikwa humo kama hatua moja, na ukibonyeza hatua ya juu, picha inarudi ilivyokuwa wakati ule. Hata ukiwa umeshahifadhi, inarudi, mradi hujalifunga faili. Lakini orodha ina kikomo. Ikijaa, kila hatua mpya inaisukuma nje ile ya zamani kuliko zote. Mama Nakala alikuwa na maneno yake kwa kila aliyekuja kujifunza kazi: "Historia ina kumbukumbu za mlevi. Itakwambia ya sasa hivi. Ya asubuhi kaulize nakala."

Jumatano ile simu ya studio iliita kabla hajavua koti. Mwanamke aliyepiga alizungumza chini chini, kama mtu aliyejifungia chooni.

"Mama, wifi yangu anakuja hapo na simu ya marehemu mume wangu. Kuna picha tuko wawili, anacheka. Anataka nifutwe, iwekwe juu ya jeneza."

"Pole, mwanangu."

"Sikuombi umkatalie. Naomba kabla hujanifuta uniwekee nakala moja. Simu waliichukua hospitalini, na mimi sina picha nyingine tukiwa pamoja. Nilikuwa nampiga picha yeye tu, mimi sikuwa napenda kupigwa picha."

"Mimi sifuti bila nakala," alisema Mama Nakala. "Kesho saa nne pita uichukue. Usiwe na wasiwasi."

Aliyasema kwa wepesi wa mtu anayeahidi kitu ambacho angekifanya hata bila kuombwa.

Wifi aliingia saa tatu na nusu, mwanamke mnene aliyevaa nguo nyeusi mpya ambayo bado ilikuwa na mkunjo wa dukani. Hakukaa kwenye kiti cha wateja. Alikivuta hadi nyuma ya meza, akakaa bega kwa bega na Mama Nakala, simu ya kaka yake mkononi. Bosi, kijana aliyerithi studio kwa baba yake, alikuja kumpa pole, akabaki amesimama nyuma yao.

Picha ilihamishwa kwa waya. Mwanamume mwenye mashavu mapana anacheka hadi ufizi. Kichwa cha mkewe kimemlalia shavuni, nywele zake zimegusa sikio lake la kushoto, na mkono wake uko begani kwa mume, vidole vimetulia pale kama vimezoea.

"Imeingia?" aliuliza wifi.

"Imeingia."

Wifi akaifuta kwenye simu papo hapo. Kisha akaingia kwenye pipa la picha zilizofutwa, akafuta na humo, akainua simu ili waone.

"Miaka saba," alisema. "Miaka saba ndani ya nyumba ya kaka yangu na hajatuonyesha hata mimba ya kusingizia. Leo akae juu ya jeneza kama malkia? Mfute."

Mama Nakala alihifadhi nakala. Mkono wake ulifanya hivyo wenyewe, kama unavyofunga mlango ukitoka.

"Hiyo ni nini?"

"Nakala, mama. Ni utaratibu wa kazi."

"Ya nani? Nimekuletea picha moja, nimekuta mbili. Hiyo ya pili mwenyewe nani?"

"Ni kwa usalama tu. Nikikosea nina pa kurudi."

"Kwani unakosea?" Wifi akamgeukia bosi. "Huyu ndiye fundi wenu, au yuko mafunzoni?"

Bosi alicheka kicheko cha dukani. "Mama Nakala, diski imejaa hizo pacha zako hadi mashine inakokota miguu. Si nimesema wiki iliyopita basi? Mteja amekataa. Ifute, na pipa limwage."

Mama Nakala alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Alijua nini angeweza kusema, na alijua vilevile kwamba mwezi uliopita bosi alimwonyesha programu ya simu inayomfuta mtu kwenye picha kwa kidole kimoja, akamuuliza, akitabasamu, kama anaiona. Akaifuta nakala. Akamwaga pipa. Wifi aliinama hadi pumzi yake ikagusa shavu la fundi, akahakikisha.

Moyoni Mama Nakala hakuona amevunja ahadi. Faili liko wazi, alijiambia. Historia yangu nimeiweka hatua mia mbili. Huyu akiondoka narudi juu kabisa, nahifadhi, kwisha habari.

Alianza na uso. Alifuta kwa mibonyezo midogo midogo, maana nywele na shavu la mwanamume vilishikana. Paji la uso, jicho moja, jicho la pili. Wifi alikuwa akihesabu kama anayeng'oa kucha.

"Pua hiyo. Toa. Mdomo nao, uliotukana mama yangu. Toa."

"Alimtukana?" bosi aliuliza, kwa adabu.

"Alikuwa kimya. Kuna ukimya wa matusi."

Kidevu kikaenda, shingo ikaenda, gauni likaenda, ukuta wa samawati ukajaa mahali pake. Mama Nakala alihifadhi. Kisha akashuka kuzunguka sikio, kuondoa nywele chache zilizobaki, na hapo simu ya wifi ikalia kwa kishindo, habari za viti na mahema, na kiwiko chake kikamgonga fundi. Brashi ikatambaa. Ilipotulia, sikio la marehemu halikuwepo, na kipande cha taya kimegeuka ukuta.

Wifi alikata simu. Aliangalia.

"Sikio liko wapi?"

"Brashi imeteleza. Narudisha sasa hivi."

"Umemkata kaka yangu sikio." Hakupaza sauti. "Ndugu watapanga mstari pale, mmoja mmoja, wanamtazama mtu hana sikio."

Mama Nakala aliifungua orodha ya historia, iliyokuwa imekunjwa pembeni kwa kuwa skrini ni ndogo. Alitazama mstari wa juu kabisa na hakuuelewa. Akasogeza kipanya juu, lakini hapakuwa na juu zaidi. Hatua zilikuwa ishirini.

"Bosi," alisema. "Nani amegusa mipangilio?"

"Mimi. Ijumaa. Mashine ilikuwa nzito, nikapunguza historia hadi ishirini. Na ile picha ya mwanzo inayowekwa juu ya orodha nimeizima, inakula nafasi bure. Kwani kuna tatizo? Sikio si la sasa hivi?"

Sikio lilikuwa la sasa hivi. Alibonyeza hatua ya juu, ile ya kwanza kati ya ishirini zilizosalia, na sikio likarudi, na taya, na nywele chache zisizo na kichwa. Marehemu alikuwa mzima. Na begani kwake ulikuwepo mkono wa mwanamke, umekatikia kwenye kifundo, nyuma yake ukuta mtupu. Huo alikuwa ameuacha wa mwisho. Uso, macho, mdomo uliokuwa kimya, vyote vilikuwa vimesukumwa nje ya orodha, mbonyezo mmoja baada ya mwingine, kwa mkono wake mwenyewe, wakati akijiona mjanja. Hata angeirudisha mia mbili sasa, programu isingekumbuka ilichokwisha kusahau.

"Haya, sikio hilo," alisema wifi. "Sasa huo mkono. Unanitia kichefuchefu."

Simu yake ikalia tena, viti vilevile. Aligeuza shingo kidogo kusikiliza. Mama Nakala alihifadhi nakala ya pale alipofika, akaipa jina "ukuta_samawati", akaificha katika folda ya mandhari za pasipoti. Ilichukua sekunde nne. Kisha akaufuta mkono, kidole kimoja kimoja, safari hii akiwa na pa kurudi, na hakukosea popote.

Picha ilichapishwa kubwa. Wifi aliitazama akiwa ameinyoosha mikono.

"Ona alivyopendeza peke yake," alisema. Mlangoni akageuka. "Na yule akija hapa, mwambieni hatumjui."

"Hatujui mtu, dada," alisema bosi.

Adhuhuri, wenzake walipokwenda kula, Mama Nakala aliwasha programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa. Ililipata jina la ile nakala ya kwanza, tarehe, hata ukubwa wake. Alipoifungua palikuwa na mstari mwembamba wa samawati juu, ncha ya nywele, na chini yake rangi ya kijivu hadi mwisho. Diski ilikuwa imejaa kweli. Programu ya picha ilipokosa nafasi ilikuwa imeandika takataka zake za muda palepale nakala ilipokuwa.

Bosi, aliyekwisha kuambiwa kuhusu simu ya asubuhi, alirudi akichokonoa meno, akaona skrini.

"Bado unamtafuta? Mwambie mashine iliharibika. Atajuaje?"

"Mimi nilimwambia sifuti bila nakala."

"Basi umemwambia uongo, mama. Si wa kwanza duniani." Aliinama, akasoma jina la faili jingine lililokuwa wazi, akauona mkono juu ya bega. Akacheka kwa dhati kwa mara ya kwanza siku ile. "Hii ndiyo utampa? Utamtisha. Bora uongo wangu."

Saa kumi jioni simu iliita. Alikuwa mjane.

"Nimesikia picha imeshatoka," alisema. "Umeniwekea, mama?"

"Kuna nakala," alisema Mama Nakala.

"Mungu akubariki. Sijalala tangu juzi. Leo nitalala."

Mama Nakala alifungua mdomo, kisha akasikia upande wa pili simu imewekwa.

Aliupunguza ule mkono wekundu kidogo ili vidole vionekane vizuri, akauchapa kwenye karatasi ya ukubwa wa kadi ya posta, akaitia katika bahasha ya kahawia na kuifunga kwa gundi. Bahasha iko kwenye droo ya juu, upande wa kulia. Kesho saa nne mjane atakuja kuichukua.