Majina Manne ya Baba

Kwenye shantiye, eneo la ujenzi la kando ya ziwa, hapa Rumonge, baba yangu alijenga miaka tisa, na kila jioni ya miaka hiyo alihesabiwa kuwa mtu aliyemaliza kazi. Ndivyo alivyo kibarua wa siku: asubuhi unaitwa, jioni unalipwa, kesho hamjuani. Lakini kesho alirudi, na keshokutwa, mpaka maghala matatu na jengo la ghorofa nne vikasimama kwa zege iliyopita begani mwake.

Kila miezi mitatu kapita, msimamizi wao, alifungua orodha mpya. "Patro hapendi kuona jina linazeeka," aliwaambia, akimaanisha mwenye kampuni. Aliyetaka kubaki alileta jina jingine. Hakuna aliyeulizwa kitambulisho. Kapita aliandika alichotajiwa, na jioni mtu alilipwa akisaini kwa jina hilo. Wanaume waliazimana majina kama watu wanavyoazimana jembe. Baba alizungusha manne: lake, la shemeji yake aliyebaki Tanzania, la babu, na la mdogo wake aliyekufa. Mama alikuwa akimtania akipakua ugali, "Leo ninampikia nani?"

Kisha magoti ya baba yakaanza kuuma. Alitaka kontra, mkataba wa kudumu, augue bila kufukuzwa na achangiwe pensheni kabla mwili haujamwishia. Wenzake kumi na wanne walitaka hivyohivyo. Barua kwa inspekta wa kazi niliiandika mimi. Nilikuwa nimemaliza shule, na sentensi nzuri ilinilevya. Niliandika: "Tumefanya kazi bila kukatika." Niliisoma kwa sauti uani, mwanangu mdogo mapajani, wakapiga makofi. Niliwauliza kila mmoja alianza lini. Kwa jina gani, sikuuliza; na wao hawakuona kwamba ni jambo la kusema.

Inspekta aliwaita pande zote mbili ili wapatane; nami nikaenda na baba na wenzake. Mjumbe wa kampuni alifika na kapita pamoja na orodha zote, zimefungwa vizuri kwa kamba.

"Muzee," inspekta alimwambia baba baada ya kufunua kurasa nyingi, "jina lako linaonekana miezi mitatu, halafu linapotea miezi tisa. Katikati ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa palepale, shefu."

"Kwa jina gani?"

Baba alitazama mikono yake. "La shemeji. La baba yangu. Na la marehemu mudogo wangu."

"Kumbe tulikuwa tunalipa maiti!" akasema mjumbe. Hata watu wetu wawili walicheka, ikawatoka tu.

Inspekta hakucheka. Alieleza kwamba karatasi si mwisho wa maneno. Wakipatikana mashahidi wa kusema kwamba mtu ni yuleyule, siku zitaungana, na aliyefanya kazi miaka mfululizo kwa mwajiri mmoja hawezi kuendelea kuitwa kibarua wa siku. "Nani atamushuhudia?"

Nilisubiri mikono. Mjumbe akasema kwa upole, "Atakayesimama aseme pia yeye alisaini kwa jina la nani. Kughushi nako kuna mahakama yake."

"Usitishe watu ofisini kwangu," inspekta alimkemea. Lakini neno lilikuwa limekwisha kuingia.

Baba alimgeukia kapita, mtu ambaye kila Idi alikula kwetu. "Kaka, si wewe uliyetuambia tubadilishe?"

"Mimi naandika ninachoambiwa," alijibu kapita. Macho yake yalikuwa kwa mjumbe, na sikuweza hata kumchukia vizuri.

Inspekta aliandika kwamba hawakupatana. Alimwambia baba bado anaweza kwenda mahakama ya kazi. Baba alisaini polepole, herufi moja baada ya nyingine.

Njiani nilimsihi aende. Nilisema haki, nilisema ukweli, maneno yangu yote makubwa.

"Niende na nani?" aliniuliza. "Wale wana watoto. Nikiwaita, ninawafunga."

Kabla ya wiki kwisha, wenzake wote walikuwa wamekwenda kuondoa madai yao. Jumatatu orodha mpya ilifunguliwa. Nilimfuata baba hadi getini, bado nikimsihi. Ziwa lilikuwa jeupe kwa jua la asubuhi, wanawake wa dagaa wakipita na mabeseni, na hakuna aliyetutazama.

"Jina?" kapita aliuliza bila kuinua kichwa.

Baba alitaja lake.

"Hilo haliwezekani tena, kaka. Lina kesi. Na yale mengine uliyataja mbele yao."

Mtu wa nyuma ya baba alimgusa bega, si kwa ubaya. "Muzee, sema lolote. Jua linapanda."

Baba akataja jina la mwanangu, ambaye bado hajaanza shule. Kapita akaliandika.