Kutoa Mimba, Kuharibika Mimba

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mtafsiri katika ofisi ndogo pale Kapkatet. Tulikuwa wawili, tukitafsiri vijitabu vya afya kutoka Kiingereza, na Kiswahili hakikuwa lugha ya mama kwa yeyote kati yetu. Mwenzangu alikuwa Mkipsigis. Mimi ni Mkisii niliyeolewa Siongiroi, kwa Wakipsigis.

Siku moja alinipa ukurasa uliosema: "Mama aliyetoa mimba apumzike." Kijitabu kilihusu mimba zinazotoka zenyewe, lakini Kiingereza cha madaktari kina neno moja, "abortion", kwa zinazotoka zenyewe na zinazotolewa, naye alikuwa amefuata kamusi.

"Huyu mama hakutoa kitu," nikamwambia.

"Dada, mbona unawaka? Si watu husema hivyo? Tuangalie kwa kompyuta."

Hakujua nilichobeba. Mimba yangu ya kwanza ilipotoka, mama mkwe aliwaambia majirani mbele yangu, kwa Kiswahili ili nami nielewe, "Huyu alitoa mimba." Mimi na yeye huongea Kiswahili, kwa sababu Kikipsigis changu ni cha salamu tu. Tangu siku hiyo nilimsalimia kwa adabu na kumchukia kimyakimya.

Kompyuta yetu ilikuwa na maandishi ya afya na ya magazeti, mengine yakiwa na Kiingereza chake kando. Tulitafuta "mimba" peke yake, maana kitenzi hubadilika kila mara kichwani na mkiani. Mistari ikajipanga, "mimba" katikati, na maneno jirani kushoto na kulia. Penye "kutoa" palikuwa na "kwa siri", "polisi", "alishtakiwa". Penye "kuharibika" palikuwa na "kutokwa na damu", na Kiingereza cha kando kilisema ni bahati mbaya. "Kupoteza mimba" nako kulikuwepo, ila mistari yote ilitoka kwenye tafsiri zetu wenyewe, kwa hiyo tukaitupa. Hatungeweza kujiita mashahidi wa kesi yetu.

"Basi iharibike," mwenzangu akasema, akafuta "aliyetoa mimba".

Nilipenda sana mistari ile. Ndani yake hakuna mwanamke aliyefanya jambo. Mimba ndiyo iliyoharibika.

Kijitabu kilipochapishwa nilimpelekea mama mkwe nakala, na nakiri nilitaka imuume. Nilimsomea jikoni, polepole: "Mimba ikiharibika, si kosa la mama."

Aliacha kukoroga mursik, maziwa ya mgando. "Rudia hiyo."

Nikarudia.

"Kuharibika," akasema. "Hiyo ndiyo nilikuwa nataka siku ile. Kiswahili kilinipotea, nikashika ile nyingine. Nilikuwa naambia hao watu wakuonee huruma."

Akanimiminia mursik kwenye kikombe, nami nikanywa nikilia.