Picha Gani?

Hasira niliyoipata siku ile kule Ibadakuli haijaniisha hadi leo. Mimi na mwenzangu tulikuwa tukipima majibu ya Kiswahili ya programu ya akili bandia. Mfugaji mmoja alikuwa ameandika: "Umeiona picha ya ng'ombe wangu? Anaumwa nini?" Picha haikuwepo. Labda alisahau kuiambatisha, labda mtandao ulimwangusha.

Jibu la kwanza lilidai linaona ng'ombe mwekundu mwenye vinundu shingoni, na dawa likataja. La pili lilisema: "Hapana, sioni picha, maandishi yako tu ndiyo yamenifikia. Tafadhali itume tena, au nieleze dalili zake."

Mwenzangu akalipatia jibu la kwanza alama za juu. Eti la pili halina adabu, kwetu Usukumani mtu hapokelewi kwa "hapana". Nikawaka. Adabu gani hiyo ya kumtibu ng'ombe ambaye hujamwona? Vile vinundu vilitoka wapi, kama si kichwani mwa mwongo? Mfugaji wa watu akachome sindano ya kubahatisha, na huyo ng'ombe huenda ndiye mahari ya mwanawe!

Akaniambia nina jazba. Nikachukua simu nikamwandikia palepale mezani: "Dada, umeiona picha ya ndama wangu?" Sikuambatisha kitu.

Simu yake ikalia. Akaniandikia bila hata kufikiri: "Picha gani? Mbona sioni kitu? Tuma tena."

Nikamsomea jibu lake kwa sauti.