Barua ya Mama Ijumaa

Mtaa mzima ulimwita fundi yule Mama Ijumaa, maana kila nguo aliyopokea iliahidiwa Ijumaa, na Ijumaa ikifika iliahidiwa Ijumaa nyingine. Lakini alipovunjika mkono na cherehani ikalala, alifanya jambo ambalo wateja wake wasingeliamini: aliwahi. Kabla tarehe ya rejesho la mkopo wake haijafika, alipeleka benki barua na cheti cha hospitali. Aliomba alipe riba tu kwa miezi mitatu, marejesho kamili yaanze tena Machi, na mwisho wa mkopo usogezwe mbele.

Afisa mikopo, binti mmoja mteja wake wa siku nyingi, aliisoma hadi chini.

"Ukisogeza mwisho, jumla ya riba inaongezeka, Mama. Umelifikiria?"

"Nimelifikiria. Bora iongezeke kuliko mnipigie mnada cherehani yangu."

"Anayeidhinisha ni meneja, mimi nitakutetea." Kidole chake kikasimama kwenye neno Machi. "Ila hii tarehe ni ya kweli, au ni kama ya gauni langu?"

Fundi akainamisha kichwa. Gauni lile lilikuwa la harusi ya dada yake afisa, na dada mtu sasa alikuwa na mtoto anayetambaa.

"Ya benki ni ya kweli, mwanangu. Ile ya gauni nilikuwa nakupa moyo tu."

Binti akacheka, akachukua muhuri wa kupokelea barua. "Haya. Na gauni nije lini?"

"Ijumaa," ulimi ukamponyoka.

Muhuri ukabaki hewani.